Ukurasa Umefungwa, Faili Liko Wazi



Wengi wenu, viongozi wa vyama na walimu wa kozi, mna tovuti tayari, na mmeniita kwa sababu mnataka kuiongezea sehemu ya wanachama. Kila ninapozungumza na mwenye nia hiyo, naona kwamba kichwani ana picha ya ukurasa mmoja: sehemu ya kuandika jina, sehemu ya kuandika nywila, na kitufe cha kuingia. Ukurasa huo unahitajika, ila ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Kila mara seva inapoombwa kitu cha wanachama, inapaswa kujibu maswali mawili. La kwanza, anayeomba ni nani? La pili, je, huyu anaruhusiwa kupewa hiki anachokiomba, kwa saa hii anayokiomba? Ukurasa wa kuingilia unajibu swali la kwanza. Swali la pili halina ukurasa wala kitufe, halionekani popote kwenye skrini, na kwa hiyo husahauliwa hata na mafundi wenye uzoefu. OWASP, taasisi ya kimataifa inayofuatilia udhaifu wa programu za wavuti, ilipochapisha orodha yake ya mwaka 2021 iliyaweka makosa ya ruhusa katika nafasi ya kwanza. Katika orodha iliyotangulia, ya mwaka 2017, yalikuwa nafasi ya tano.

Ndiyo maana leo nitakaa zaidi kwenye swali hilo la pili, na nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kuna mwalimu wa uhasibu anayeendesha darasa la marejeo la jioni. Ana wanafunzi 160, na kila mmoja analipa ada ya muhula wa miezi minne. Tovuti yake imejengwa kwa WordPress. Anataka waliolipa wapate maelezo ya masomo katika mafaili ya PDF, wapakie kazi zao za nyumbani, na waone alama walizopata. Fundi anaweka programu-jalizi ya uanachama, anazitia alama kurasa zote za masomo kuwa ni za wanachama pekee, kisha wanajaribu pamoja. Mtu ambaye hajaingia akifungua ukurasa wa somo la 3 anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia. Mwalimu anaridhika na fundi analipwa.

Lakini lile faili la PDF lenyewe liko wapi? WordPress huyaweka mafaili yote yaliyopakiwa kwenye kabrasha la `wp-content/uploads`, ndani yake kabrasha la mwaka, kisha la mwezi. Kivinjari kinapoomba faili lililo humo, kwa kawaida seva hulichukua kwenye diski na kulitoa moja kwa moja, bila kuiamsha WordPress. Programu-jalizi ya uanachama inafanya kazi ndani ya WordPress. Kwa kuwa WordPress haikuamshwa, programu-jalizi haikuulizwa chochote na haikuweza kuzuia chochote. Kilichofungwa ni ukurasa wenye kiungo cha kupakulia. Faili linalolengwa na kiungo hicho liko wazi kwa yeyote mwenye anwani yake.

Jambo hili ni rahisi kulipima. Ingia kama mwanachama, nakili anwani ya faili la somo, kisha fungua dirisha la faragha la kivinjari, ambamo hujaingia, na uibandike hapo. Faili likifunguka, huna eneo la wanachama, una ukurasa uliofichwa. Anayetumia dirisha la amri anaweza kuuliza hivi, akiweka anwani yake mwenyewe:

```
curl -I https://kozi.example/wp-content/uploads/2025/03/somo-03.pdf
```

Jibu lenye `200` kwenye mstari wake wa kwanza maana yake seva iko tayari kumpa faili mtu isiyemjua. Unachotaka kuona ni `401` au `403`, au `302` inayompeleka kwenye ukurasa wa kuingilia.

Mtu anaweza kuuliza: asiye mwanachama ataijuaje anwani hiyo? Ataijua kwa njia nyingi. Mwanafunzi mmoja anaibandika kwenye kundi la WhatsApp, na kutoka hapo inasambaa. Mwingine, aliyepewa `somo-03.pdf`, anabadilisha tarakimu na kuandika `somo-04.pdf`. Mitambo ya utafutaji nayo ikikutana na kiungo mahali popote palipo wazi hukifuata na kuliorodhesha faili. Zaidi ya yote, WordPress yenyewe ina anwani, `/wp-json/wp/v2/media`, ambayo isipozuiwa humwonyesha mgeni orodha ya mafaili mengi yaliyopakiwa, pamoja na anwani zake kamili. Nawasihi mkaifungue kwenye tovuti zenu usiku wa leo.

Tiba yenyewe ni kuyahamisha mafaili ya wanachama nje ya kabrasha linalofikiwa na wavuti, ili yasiwe na anwani ya moja kwa moja. Mahali pake huwekwa programu ndogo inayopokea ombi, inayotazama aliyeingia ni nani, inayothibitisha kwamba uanachama wake ungali hai, na ambayo hapo tu ndipo hulisoma faili na kumpa. Baadhi ya programu-jalizi zinafanya hivyo, nyingine hazifanyi, na maelezo ya kwenye tangazo hayatoshi kukujulisha. Kipimo ni lile dirisha la faragha. Ukitumia hifadhi ya wingu, kuna njia nyingine nzuri: seva inamtengenezea mwanachama kiungo kilichotiwa saini ambacho kinakufa baada ya dakika chache, hivyo hata kikibandikwa kwenye kundi, atakayekibofya kesho hapati kitu. Kuliwekea faili jina refu lisilo na mpangilio kunapunguza hatari ya kukisiwa, lakini hakuzuii kusambazwa. Sikushauri kutegemea hilo peke yake.

Na niseme wazi mpaka wa tiba hii. Hakuna mfumo wa kuingia unaomzuia mwanachama halali kupakua faili kisha kumpa rafiki yake. Programu inaweza kuandika jina la mwanachama kwenye kila ukurasa wa PDF anayopewa, na hilo huwafanya watu wasite. Mwalimu anayeamini kwamba nywila italinda kabisa maelezo yake ya masomo anapaswa kuambiwa ukweli huo kabla hajatoa fedha.

Tuje kwenye kazi za nyumbani na alama. Hapa hatari inabadilika, kwa sababu anayeweza kuvuka mpaka sasa ni mwanachama mwenyewe. Mwanafunzi anapakia kazi yake, na mfumo unaipa namba 412. Baadaye anafungua alama zake kwenye anwani inayoishia na `kazi?id=412`. Ameingia kihalali, nywila yake ni sahihi, ada amelipa. Kisha, kwa udadisi tu, anafuta 412 na kuandika 413. Kama mfumo unajiuliza tu kama mtu huyu ameingia, utampa kazi ya mwenzake, pamoja na jina, alama na maoni ya mwalimu. Akiandika programu fupi ya kuhesabu kuanzia 1 hadi 2000, ndani ya dakika chache atakuwa na alama za darasa zima.

Si jambo la vyama vidogo tu. Mwezi Mei 2019 ilibainika kuwa tovuti ya First American, kampuni kubwa ya Marekani inayoshughulika na hati miliki za nyumba na ardhi, ilikuwa ikitoa nyaraka za wateja kwa njia hiyohiyo. Nyaraka zilikuwa na namba zinazofuatana; mwenye kiungo kimoja aliweza kubadilisha namba na kusoma za wengine, tena bila hata kuingia. Nyaraka zilizokuwa wazi hivyo zilifika takriban milioni 885, za tangu mwaka 2003, na ndani yake mlikuwa na taarifa za akaunti za benki. Hakuna aliyevunja nywila ya mtu. Swali la pili halikuwa limeulizwa.

Kinga yake ni fupi kiasi cha kuandikwa kwenye mistari mitatu. Badala ya kuitafuta kazi kwa namba yake pekee, hifadhidata inaulizwa kazi yenye namba hiyo ambayo ni ya mtu huyu:

```sql
SELECT alama, maoni
FROM kazi
WHERE id = ? AND mwanachama_id = ?
```

Cha kuangalia kwa makini ni alama ile ya pili ya kuuliza inajazwa kutoka wapi. Lazima ijazwe na kile seva inachokijua kuhusu aliyeingia, kutoka kwenye kikao chake. Kamwe isijazwe kutoka kwenye anwani wala kutoka kwenye fomu, kwa sababu vyote viwili viko mikononi mwa mtumiaji na anaweza kuviandika apendavyo. Kupima ni rahisi: tengeneza wanachama wawili wa majaribio, ingia kama wa kwanza, nakili anwani ya alama zake, kisha ingia kama wa pili na uifungue. Mafundi wengi hujaribu mfumo kwa akaunti moja, ya msimamizi, ambayo inaruhusiwa kuona kila kitu. Kwa akaunti hiyo kosa hili halitaonekana hata ukijaribu mwaka mzima.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao huvujisha taarifa bila mtu yeyote kuchokoza. Ili tovuti iwe nyepesi, hasa kwa wenye simu na bando dogo, mafundi huweka akiba: ukurasa ukishatengenezwa mara moja, nakala yake hutunzwa na kupewa wanaofuata. Kwa ukurasa wa mbele ni jambo jema sana. Kwa ukurasa unaosema "Karibu, alama zako ni 64", nakala hiyo hupewa mtu mwingine. Tarehe 25 Desemba 2015 duka la michezo ya kompyuta la Steam lilipatwa na hili. Mpangilio mbaya wa akiba uliwafanya watu waone kurasa za akaunti za wengine, na wenye duka walisema walioathirika ni wapatao 34,000. Kwenye kozi yetu ya mfano utaligundua pale mwanafunzi atakapokupigia simu kusema ameingia na kuona jina la mwenzake. Usimwambie ajaribu tena. Zima akiba kwanza, kisha uchunguze. Kurasa zote za wanachama zinapaswa kutoka na agizo `Cache-Control: private, no-store`, na mfumo wa akiba uelezwe bayana kwamba usiziguse.

Sasa niligeukie swali la kwanza, la anayeingia ni nani. Juu ya nywila zenyewe nitapita haraka, kwa sababu kazi kubwa imekwishafanywa na wengine. Seva haipaswi kuhifadhi nywila. Inahifadhi matokeo ya kuichakata kwa njia isiyoweza kurudishwa nyuma, na anayeandika programu kwa PHP ana `password_hash` na `password_verify` za kufanya hivyo. Tovuti nzima ipite kwenye `https`. Cheti chake kinapatikana bure kutoka Let's Encrypt. Urefu una maana kuliko mchanganyiko wa alama za ajabu, na kumlazimisha mwanachama abadilishe nywila kila baada ya miezi mitatu kunamfundisha kuandika nywila ileile na kuongeza namba mwishoni. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kulipendekeza hilo tangu mwaka 2017. Kama msimamizi anaweza kukusomea nywila yako uliyoisahau, ondoka kwenye mfumo huo.

Nataka kukaa zaidi kwenye kusahau nywila, kwa maana mfumo una nguvu sawa na njia yake ya kurejesha. Kati ya wanafunzi 160 wanaoingia mara moja kwa wiki, wanaosahau hawatakosekana. Njia ya kawaida ni kiungo kinachotumwa kwa barua pepe: kiwe kisichoweza kukisiwa, kitumike mara moja, kife ndani ya nusu saa au saa moja. Na ukurasa wa kuomba kiungo hicho utoe jibu lilelile kwa kila mtu, awe mwanachama au asiwe. Ukurasa unaosema "barua pepe hii haimo" unamwambia mgeni nani yumo na nani hayumo. Kwa darasa la uhasibu pengine si kitu. Kwa kikundi cha watu wanaoishi na ugonjwa fulani, au cha wafanyakazi wanaodai haki zao, kujulikana tu kwamba wewe ni mwanachama kunaweza kukugharimu.

Huku kwetu watu wengi hawafungui barua pepe, na kwa hiyo vyama hutumia namba ya simu: mwanachama anatumiwa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, anaziandika, anaingia. Njia hii inaeleweka na watu wanaipenda. Ila namba ya simu si mali ya mtu milele. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na mtandao, kisha namba hiyo huuzwa kwa mteja mwingine, na mteja huyo mpya ndiye atakayepokea tarakimu za mwanachama wako wa zamani. Wapo pia matapeli wanaosajili upya laini ya mtu kwa jina lake bila yeye kujua. Wanafanya hivyo kwa ajili ya fedha za kwenye simu, lakini aliyeishika laini ameshika na kila akaunti iliyofungwa nayo. Kwa mwanafunzi anayetazama alama zake hatari hiyo inavumilika. Kwa mweka hazina au msimamizi wa tovuti haivumiliki: hao wawekewe hatua ya pili kwa programu ya simu inayotoa tarakimu zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, na mtu yeyote asirejeshewe akaunti ya uongozi kwa kupiga simu na kujieleza vizuri.

Nirudi kwenye swali la pili, kwa maana lina sehemu ambayo bado sijaigusa: kwa saa hii anayokiomba. Muhula wa miezi minne umekwisha, mwanafunzi hakulipa tena. Lini mfumo unajua? Mifumo mingi inatazama uanachama mtu anapoingia, kisha inamwacha. Katika WordPress, aliyeweka alama ya kukumbukwa anaendelea kutambuliwa kwa siku 14 bila kuulizwa nywila. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya uanachama isomwe katika kila ombi, si kwenye ukurasa wa kuingilia tu. Hali ni nzito zaidi kwa anayeondoka kwa ugomvi, au kwa katibu aliyepoteza uchaguzi. Kumfutia nywila hakutoshi kama kikao chake kingali wazi kwenye simu yake. Mfumo uwe na uwezo wa kuvifunga vikao vyake vyote mara moja, na kila anayekabidhi uongozi akabidhi pia akaunti ya jina la tovuti na ya mwenye seva. Kama vitu hivyo vimesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyejitolea miaka mitano iliyopita, eneo la wanachama ni lake, chochote ambacho katiba yenu inasema.

Baki la mazungumzo yangu linahusu kile mnachokiweka humo. Mara mlango unapopatikana, viongozi hutamani kuweka kila kitu: namba za vitambulisho vya taifa, nakala za risiti, tarehe za kuzaliwa, majina ya warithi. Kila kimoja ni mzigo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume iliyoundwa na sheria hiyo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Kulinda Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Mwalimu wetu wa uhasibu anahitaji jina, njia moja ya mawasiliano, tarehe ya mwisho ya malipo, na kazi za wanafunzi. Namba ya kitambulisho haimsaidii kufundisha. Asipoiomba, haiwezi kuvuja.

Na kwa chama chenye watu 30 wanaosomeana kumbukumbu za vikao mara moja kwa mwezi, ushauri wangu ni kwamba wasijenge. Kabrasha la wingu lililoshirikishwa kwa akaunti za watu hao 30, kwa majina, linajibu maswali yote mawili, na linalindwa na watu wanaolipwa kulilinda usiku na mchana. Kujenga kunaanza kuwa na maana pale kila mwanachama anapokuwa na vitu vyake mwenyewe, kama alama, michango au mikopo, au pale wanaoingia na kutoka wanapokuwa wengi kuliko uwezo wa katibu kuongeza na kufuta majina kwa mkono.

Mtakaojenga, andikeni kabla ya siku ya kufungua ukurasa mmoja wa karatasi, ukae kwa mwenyekiti na kwa katibu. Uwe na jina la mtu anayeweza kuizima sehemu ya wanachama saa nane za usiku, mahali nakala ya akiba ya hifadhidata ilipo na tarehe ya mwisho iliporudishwa kwa majaribio, namna ya kufunga vikao vyote kwa pamoja, na maneno mtakayowatumia wanachama iwapo taarifa zao zimetoka: nini kimetoka, lini, na wafanye nini. Kisha mpeni mwanachama mmoja asiye fundi lile dirisha la faragha na anwani tano za mafaili, ajaribu kuzifungua mbele ya kamati.